Yah: Marekebisho ya maombi ya kazi, Mhasibu Msaidizi (Kurasini)

Ndugu Meneja Rasilimali Watu,

Habari za asubuhi.

Jana saa 2:40 usiku niliwatumia maombi ya nafasi ya Mhasibu Msaidizi. Leo alfajiri nimeifungua tena barua pepe ile na kukuta nimeambatisha barua isiyo yenu. Imeandikiwa kampuni ya mabasi ya Morogoro, na aya ya pili inasifia safari zao za mikoani, mambo yasiyohusiana kabisa na uwakala wa forodha. Naomba radhi. Mafaili yote mawili niliyapa jina moja, "Barua ya maombi.pdf", nikachukua la juu bila kulifungua. Najua mtu anayeomba kushika vitabu vya hesabu hakupaswa kuanza hivi.

Naomba barua ya jana muiweke kando, mpokee hizi:

Rehema_Barua_Mhasibu_Msaidizi.pdf
Rehema_Wasifu.pdf

Wasifu ni uleule wa jana. Nimeurudia ili usiachane na barua yake. Vyeti vilivyofika jana ni sahihi, sikuvituma tena.

Kwa kuwa barua ile haikugusa kazi yenu hata kwa mstari mmoja, niruhusuni niseme kwa ufupi yaliyomo kwenye hii. Nimefanya kazi miaka miwili kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi, Kariakoo. Kila jioni nilikuwa nalinganisha ripoti ya Z ya mashine ya EFD na daftari la mauzo na fedha taslimu, na kila mwezi nikiandaa ritani ya VAT kabla ya tarehe 20. Kilichonisumbua zaidi ni risiti za manunuzi zisizo na TIN yetu. VAT ya asilimia 18 iliyomo humo huwezi kuidai, kwa hiyo nilikuwa narudi kwa muuzaji siku ileile, kabla hajasahau bidhaa wala mnunuzi.

Kwenye uwakala wa forodha bado sijafanya kazi, na barua inasema hivyo wazi. Ninachokielewa ni kwamba fedha za mteja za kulipia ushuru na tozo za bandari hazitakiwi kuhesabiwa kama mapato ya wakala. Mapato ni ada yenu tu. Sehemu hiyo ndiyo iliyonivuta kuomba.

Tangazo lenu linasema mwisho wa kupokea maombi ni Ijumaa saa 10 jioni. Ikiwa utaratibu wenu unataka maombi yote yawe kwenye barua pepe moja, nijulisheni, nitayatuma upya leo hii. Namba ya simu iliyo kwenye wasifu ndiyo ninayotumia, na inapatikana pia WhatsApp.

Wenu mtiifu,

Rehema
Mbagala, Dar es Salaam