Mpango wa banda letu la asali Sabasaba

Ndugu zangu, maonyesho ni 28 Juni hadi 13 Julai, viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa. Banda letu ni mita 3 kwa 3, wazi mbele tu. Meza isizibe njia. Ikae ubavu wa kulia, watu waingie. Chupa kwenye rafu ya nyuma, usawa wa macho. Bei ziandikwe kubwa, maana wengi wasipoiona bei hupita bila kuuliza. Katoni za akiba chini ya meza, kitambaa kifike sakafuni.

Kuonja: kila mtu kijiti chake, akishaonja kiende kwenye ndoo, kisirudi kwenye bakuli. Anzeni na asali ya nyuki wakubwa. Ya nyuki wadogo ni ghali, apewe anayeiulizia. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja haonji kabisa, hata mama yake akibembeleza.

Daftari la wateja analishika shangazi: jina, simu, anataka kiasi gani, na kama anakubali tumtumie ujumbe. Wenye maduka na hoteli wawekewe nyota, nitawapigia kesho yake asubuhi. Kadi za biashara wanazotuachia zibanwe humohumo, sio mfukoni.

Zamu: shangazi na kaka saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana, mimi na binamu saa 7 hadi saa 1 usiku. Ile saa moja ya pamoja ni ya kula na kuhesabu fedha. Tarehe 7 Julai ni sikukuu, tuwepo wote wanne kutwa.