Salamu za Rambirambi kwa Familia ya Mzee Anaeli

Mama yetu mpendwa, watoto, wajukuu na ukoo mzima, Bwana Yesu asifiwe.

Sisi washarika wote, pamoja na mchungaji, wazee wa kanisa na kwaya, tumepokea kwa majonzi makubwa habari za kutwaliwa kwa baba yetu, Mzee Anaeli. Aliulea usharika huu tangu tukisali chini ya mti. Kwenye mnada wa mavuno alikuwa akinunua mkungu wa ndizi, kisha anaubeba mwenyewe hadi kwa mjane asiye na shamba. Huenda hata nyumbani hakuwaambia.

Mama, hauko peke yako. Akina mama wa usharika watalala nanyi hadi maziko, na kila jioni tutakuja kwa ibada. Mungu wa faraja awatie nguvu.