Ombi la Fedha za Karakana ya Pamoja, Kongwa

Sisi ni kikundi cha wakulima na mafundi 23 wilayani Kongwa, Dodoma. Tunaomba shilingi 15,000,000 kuanzisha karakana ya kutengeneza zana za kilimo na vifaa vya sola.

Msimu uliopita mashine ya kupukuchua mahindi ililala wiki tatu ikisubiri puli kutoka mjini; fundi mwenye mashine ya kukereza angeichonga siku hiyohiyo. Pampu za sola nazo hutupwa mapema mno. Mara nyingi paneli ni nzima, tatizo ni fyuzi iliyoungua au waya uliolegea kwenye kontrola, na multimita inatosha kuonyesha hilo.

Bajeti yote ni 19,000,000: mashine ya kukereza iliyotumika 14,000,000, ya kuchomelea 1,800,000, printa ya 3D 1,900,000, vifaa vya kupimia na vipuri 1,300,000. Printa ni ya vipuri vidogo vya plastiki tu. Mzigo mkubwa ni wa chuma. Wanachama tumeshachanga 4,000,000, na chumba chenye umeme wa njia tatu tunacho.

Mwanachama atalipia vifaa pekee. Asiye mwanachama ataongeza malipo ya ufundi, ndipo tutakapopata fedha za umeme na matengenezo. Tuko tayari kukaguliwa wakati wowote.

Mwenyekiti, kwa niaba ya kikundi