Maswali kwa mtoa mada wa "Maskini Hulipa: Somo la Mikopo ya Vikundi"

Dada yangu, salaam. Jana ulieleza kwamba maskini waliomo vikundini hulipa mikopo yao kwa sababu ya nidhamu na uaminifu wao. Muda uliisha kabla kipaza sauti hakijanifikia, na mwenyekiti akatutaka wenye maswali tuyaandike. Nilikuwa afisa mikopo Buguruni na Vingunguti kwa miaka sita, kwa hiyo mengine hapa najiuliza na mimi mwenyewe.

Slaidi ya nne inaonyesha marejesho ya asilimia 98, na mstari unaofuata unasema biashara za wakopaji zinastawi. Umetokaje hapo ukafika pale? Mkutano wetu mmoja wa Jumanne, mama mkaanga vitumbua alikuja na shilingi 9,000 badala ya 25,000. Hatukufunga mkutano mpaka zitimie. Wenzake wa kikundi, waliomdhamini, wakachangishana, wengine wakinuna, mmoja akatoa nauli yake ya kurudi nyumbani. Saa sita nikaandika "amelipa". Alhamisi nilimkuta sokoni anauza sufuria yake kubwa, ile ile ya kazi, ili awarudishie. Kwenye ripoti yangu ya mwezi yule mama alikuwa mteja safi. Je, takwimu zako zinaweza kumtenganisha na aliyelipa kutoka kwenye faida? Uliwauliza fedha za rejesho zimetoka wapi: mauzo, upatu, mume, au mkopo wa simu uliochukuliwa usiku wa kuamkia mkutano?

Hilo linanipeleka kwenye sampuli. Uliowahoji wote wamo vikundini hadi leo. Waliotolewa, waliojitoa, waliohama mtaa usiku na godoro kichwani, uliwatafuta? Kama hukuwatafuta, basi tabia unayoieleza ni ya waliobaki tu.

Umesema pia kinachowafanya walipe ni kudhaminiana. Ufilipino, wachumi Xavier Giné na Dean Karlan walifanya utafiti na benki iitwayo Green Bank: baadhi ya vikundi viliondolewa dhamana ya pamoja, mikutano ikaachwa ilivyo. Ulipaji haukushuka. Huenda basi kazi inafanywa na mkutano wenyewe, yaani kuonekana mbele za watu, au na tamaa ya mkopo unaofuata. Utafiti wako unaweza kuchagua kati ya hayo matatu? Nikiangalia dodoso uliloambatanisha, naona swali moja tu la dhamana, nalo linamwelekeza mhojiwa kwenye jibu.

Na kama nidhamu ni tabia ya mtu, tuseme nini kuhusu Andhra Pradesh, India? Oktoba 2010 serikali ya jimbo ilitoa amri ya kuyabana makampuni ya mikopo midogo, baada ya tuhuma za wakopaji kusumbuliwa hadi kujiua. Marejesho yakaporomoka. Wakopaji walikuwa wale wale waliokuwa wakisifiwa mwaka uliotangulia. Ningependa sana kusikia jibu lako hapa, kwa sababu mada nzima imesimama juu ya neno "uaminifu".

Kuhusu ratiba: unasema rejesho la kila wiki, kuanzia wiki ya kwanza, linajenga nidhamu. Kolkata, India, wachumi Erica Field, Rohini Pande na wenzao waliwapa baadhi ya wakopaji miezi miwili kabla ya rejesho la kwanza. Wakawekeza zaidi kwenye biashara na baadaye faida yao ikawa kubwa zaidi, lakini walioshindwa kulipa nao wakaongezeka. Maana yake ratiba inayomfaa mkopeshaji si lazima imfae mkopaji. Kwenye mada yako "mafanikio" yanapimwa kwa daftari la nani?

Riba nayo. Slaidi ya tisa: mkopo 500,000, riba asilimia 20, rejesho 25,000 kwa wiki 24. Riba hiyo inatozwa juu ya mkopo wote hadi mwisho, ilhali deni linapungua kila wiki. Nimepiga hesabu: ni kama asilimia 1.5 kwa wiki juu ya deni lililobaki, karibu 78 kwa mwaka. Wahojiwa wako walijua hivyo, au walijua "elfu ishirini na tano" tu? Kama ni hilo la pili, usiandike kwamba "wameikubali bei". Mtaani mikopo ya aina hii wanaiita kausha damu, na jina hilo hawakulipata kwenye semina.

La mwisho ni fupi. Unasema wanawake ni waaminifu kuliko wanaume. Sisi maafisa tuliwapenda kwa sababu nyingine: ukienda nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, unamkuta. Umeipimaje tofauti kati ya mwaminifu na asiye na pa kukimbilia?