Ombi la kufanyia kazi Moshi, Juni 1 hadi 19

Shikamoo Mama Mwakyusa,

Mama yangu amefanyiwa upasuaji wa goti na hawezi kubaki peke yake nyumbani Moshi. Naomba kufanyia kazi huko wiki tatu, Jumatatu Juni 1 hadi Ijumaa Juni 19, badala ya kuchukua likizo ya mwaka. Likizo ningeichukua, ila tarehe 7 ni ritani ya PAYE na tarehe 20 ni ya VAT, na sitaki kumwachia mwenzangu mzigo huo. Zote zinatumwa kwa mtandao.

Nitakuwa hewani saa mbili hadi saa kumi na moja. Risiti za ofisini Dar, Asha amekubali kuziskani kila jioni.

Nitashukuru sana ukinikubalia.

Rehema, Uhasibu