Barua kwa Bi Salma kuhusu thamostati ya koridoni

Columbus, Ohio
16 Novemba 2025

Kwako Bi Salma,

Shikamoo. Tunatumai barua hii itakukuta salama huko Maskati, wewe na watoto. Sisi hapa hatujambo. Mama mkwe amefika kutoka Tanga wiki iliyopita, na baridi imempokea kabla hatujampokea sisi. Kodi ya mwezi huu nimeshaituma, na risiti ya benki iko kwenye simu yako.

Ninakuandikia kuhusu thamostati ya koridoni, ile iliyo ukutani kati ya mlango wa bafu na chumba cha watoto. Nimeona niandike badala ya kupiga simu kwa sababu kuna namba nyingi, na namba kwa simu hupotea. Picha tatu za kioo chake nimezituma watisapu, uwe unazitazama huku unasoma.

Kwenye karatasi uliyobandika ubavuni mwa friji umeandika hivi: “Mchana 21. Usiku punguzeni digrii 4. Mkisafiri msizime, wekeni 13.” Maneno yenyewe hayana utata. Ila nikienda kwenye kioo, 21 haimo. Ukikigusa kinawaka kijani; kushoto kuna namba kubwa, leo asubuhi ilikuwa 66, na kulia kuna namba ndogo chini ya maneno Set To, nayo ilikuwa 70. Nikibonyeza mshale wa chini namba ndogo inashuka, lakini ikifika 40 inagota. Haiendi 39, seuze 21. Na 40 huko kwenu Maskati ni siku ya kawaida ya Juni. Hakuna mashine ya kupasha nyumba ambayo hiyo ndiyo baridi yake ya mwisho. Herufi F au C hazipo popote kwenye kioo, wala pembeni, wala ndani ya kifuniko cha betri.

Nilinunua kipimajoto kidogo cha dukani chenye mistari miwili, sentigredi upande huu na farenhaiti upande wa pili, nikakiweka juu ya rafu karibu na thamostati kwa muda wa kutosha. Thamostati ilisema 66. Kipimajoto kilisema 66 upande wa farenhaiti na 19 upande wa sentigredi. Kwa hiyo nina hakika kioo kinasoma farenhaiti, kama habari za hali ya hewa za huku na kama jiko la kuokea. Ninachotaka kutoka kwako ni uthibitisho kwamba karatasi yako imeandikwa kwa sentigredi, maana hapo ndipo mambo yote yanapoanzia.

Nimepiga hesabu ya shule, ile ya kutoa 32 halafu kuzidisha kwa 5 na kugawanya kwa 9, na kinyume chake. 21 yako inakuwa 69.8, yaani 70. Na 13 ya safari inakuwa 55.4. Hapo sina swali, 55 ninaielewa: maji huganda kwenye 32, na hutaki mabomba ya jikoni yakaribie huko wakati hakuna mtu ndani.

Kinachonisumbua ni zile “digrii 4” za usiku. Ukipunguza 4 za sentigredi kutoka 21 unapata 17, ambayo kwenye kioo ni kama 63. Ukipunguza 4 za kioo kutoka 70 unapata 66. Digrii moja ya sentigredi ni karibu mbili za farenhaiti, na kwenye tofauti ile 32 haihusiki kabisa, kwa hiyo digrii 4 zako ni kama 7 za hapa. Baba Idi anasema ulimaanisha 66, mimi nasema 63. Kati ya hizo mbili kuna usiku wa shuka moja na usiku wa mablanketi mawili na soksi. Tafadhali tuamulie.

Halafu kuna jambo lililonifanya nidhani labda jibu tayari limo ndani ya mashine. Namba ya kulia hubadilika yenyewe. Saa 12 asubuhi inapanda kwenda 70. Saa 2 asubuhi, kioo kikiandika 8:00 AM, inashuka hadi 62 bila mtu kuigusa. Saa 12 jioni inarudi 70, na saa 4 usiku inashuka tena 62. Hiyo 62 iko karibu sana na 17 yako. Mwanzoni, nisikufiche, tulidhani ni wewe unayeiendesha kwa simu kutoka Maskati, na mama mkwe akawa anaaga anapopita koridoni. Jirani wa upande wa pili wa nyumba ana kioo kama hiki, na saa zake ni hizo hizo na namba ni hizo hizo, kwa hiyo nadhani ni ratiba iliyokuja na mashine kutoka kiwandani, ya watu wanaotoka wote asubuhi na kurudi wote jioni. Je, ni hivyo, au uliipanga wewe? Na je, simu yako bado imeunganishwa nayo? Nauliza tu ili tusije tukawa tunavutana, mimi napandisha huku na wewe unashusha huko.

Maana ratiba hiyo haifai kwa maisha yetu. Mimi nafanya zamu ya usiku hospitalini, narudi saa 2 asubuhi, wakati ule ule nyumba inapoanza kupoa. Bibi na mtoto mdogo wako ndani mchana kutwa. Jana saa 6 mchana namba kubwa ilikuwa 63 na bibi alikuwa amejifunga kanga mbili juu ya sweta, ameketi juu ya tundu la hewa la sebuleni kama kuku anayeatamia. Nikibonyeza mshale wa juu hadi 70, kioo kinaandika HOLD UNTIL 6:00 PM. Hapo naelewa kuwa amri yangu inadumu hadi zamu inayofuata ya ratiba, kisha ratiba inashika tena. Lakini kuna kitufe kingine, HOLD peke yake, na nikikibonyeza maneno yanakuwa PERMANENT HOLD. Nadhani hiyo inaifunga ratiba kabisa mpaka mtu aifungue. Sijaiacha hivyo hata usiku mmoja, kwa kuwa umeme umo ndani ya kodi na bili inakuja kwako, na si adabu kuamua bila kukuuliza.

Kwenye umeme ndipo penye swali kubwa zaidi. Nikipandisha kwa mkono kutoka 62 hadi 70 kwa mara moja, baada ya muda mfupi kioo kinaonyesha AUX HEAT chini ya neno HEAT. Fundi aliyekuja Oktoba kubadilisha chujio alinieleza kuwa nyumba hii haina gesi. Ile mashine ya nje inayofanana na kiyoyozi ndiyo inayovuta joto kutoka hewani hata kukiwa na baridi, na ndani kuna koili za umeme za kuisaidia ikizidiwa. AUX maana yake koili zimewaka. Alisema koili zinakula umeme mara mbili au tatu kwa joto lile lile. Sasa kama ni hivyo, huku kushuka hadi 62 mara mbili kwa siku halafu kupanda digrii 8 kwa mkupuo kunaweza kuwa kunakula kile kile tunachodhani tunakiokoa. Mimi si fundi. Lakini naona kukaa 68 mchana kutwa na 66 usiku, mashine ikienda taratibu bila AUX, kunaweza kusikugharimu zaidi ya ilivyo sasa. Ukiniruhusu tujaribu hivyo hadi bili ya Desemba, utazitazama bili mbili ukiwa huko, halafu wewe ndiye utakayesema.

Nieleze pia kuhusu EM HEAT. Nikibonyeza kitufe cha SYSTEM inapita HEAT, OFF, COOL na EM HEAT. Fundi alisema EM HEAT inaizima kabisa mashine ya nje na kuziachia koili peke yake, ni ya siku mashine ya nje imeharibika. Nimewaambia wote nyumbani wasiiguse. Ila ungependa tuitumie lini hasa? Ikitokea mashine ya nje imenyamaza usiku wa manane na nje ni 10 kwa namba za huku, yaani chini ya sifuri kwa 12, niiwashe kwanza ndipo nikupigie, au nikupigie kwanza?

Neno WAIT hunitokea nikizima na kuwasha haraka. Huwaka na kuzimika kwa dakika kama 5, kisha mashine inaanza. Nadhani ni kujikinga, nimeliacha. Na FAN nimeiacha kwenye AUTO kama nilivyoikuta.

La mwisho ni kuhusu kuibadilisha isome sentigredi. Jirani anasema inawezekana, kuna ukurasa wa mipangilio ya fundi unaofunguka ukibana vitufe viwili pamoja. Lakini humo humo ndimo mashine inapoelezwa ni ya aina gani, na sitaki kuingia mahali ambapo kidole kimoja kinaweza kuiambia mashine ya nje kwamba ni tanuri la gesi. Kama unacho kile kitabu chake kidogo, nipigie picha ukurasa unaohusika. Kama huna, tuache farenhaiti ilivyo, nami nitabandika karatasi mpya chini ya yako: 70 ni 21, 68 ni 20, 66 ni 19, 63 ni 17, 55 ni 13. Bibi ameshaanza kuzikariri, na juzi alimsahihisha Baba Idi.

Ukiona kuandika ni kazi, nitumie sauti. Kwa sasa mnatutangulia saa 9, kwa hiyo ukinipigia saa 12 jioni ya Maskati mimi ndiyo kwanza nimetoka zamu, ni saa 3 asubuhi, na nitakuwa nimesimama mbele ya thamostati yenyewe. Jumanne au Alhamisi ndizo siku nzuri. Watabiri wanasema Ijumaa usiku itashuka chini ya 32, kwa hiyo ningeshukuru kupata walau jibu la zile digrii 4 kabla ya hapo.

Bibi anakusalimu, na amekuwekea kashata za nazi.

Wako mpangaji,
Rehema