Hongera shoga angu Somoe kwa fremu mpya

Somoe shoga angu, hujambo wewe na wanao? Picha uliyotuma jana usiku nimeiona, mlango umepakwa bluu, cherehani zote mbili zimekaa ukutani na ile meza ya kukatia katikati, nikapiga kigelegele mpaka jirani akaja kugonga kuuliza kuna nini humu, nikamwambia Somoe anafungua! Hakujui hata kidogo lakini akasema mpe hongera, basi na yake ipokee.

Nimefurahi jaman, nimefurahi kweli. Miaka yote hiyo umeshona barazani kwa mama pale Majengo, jua likizunguka unahama nalo, mvua ikija unakokota cherehani ndani na kitambaa cha watu umekibana kwapani kisilowe, wateja wamekaa kwenye jamvi wanasubiri vifungo, na kazi inatoka safi vilevile. Sasa una fremu yako Rahaleo, ina kufuli, ina pa kutundika nguo za watu zikasubiri wenyewe. Hicho peke yake kwangu ni kikubwa, hata kabla ya mteja wa kwanza.

Sitakuandikia yale ya "mwaka mmoja tu utajenga ghorofa", siku hizi kila anayefungua biashara anaambiwa hivyo, na mi siwezi kukuambia nisilolijua. Ninachokijua ni mkono wako. Lile gauni la dada yangu, kile kitenge cha maua makubwa, ulikitandaza chote sakafuni ukakizunguka weee, mkasi hukuugusa mpaka umeona ua la kushoto litakutana wapi na la kulia, na kweli alipolivaa mshono wa ubavuni unautafuta huuoni, ua limeungana na mwenzake utadhani halikupita mkasi. Afu kola ilipovuta kidogo tu, sisi wote tunakwambia acha iko sawa hakuna atakayeona, we umeshachukua wembe unafumua, usiku uleule. Fundi wa hivyo watu wanamrudia Somoe, na wanarudi na dada zao.

Na tarehe. We ukisema Alhamisi ni Alhamisi. Watu wamechoka na fundi wa njoo kesho, mtu ana shughuli Jumamosi, Ijumaa usiku amekaa mlangoni kwa fundi nguo haijatiwa hata zipu, kitenge chenyewe bado kiko kwenye mfuko! Sikufundishi kazi, kazi unaijua kuliko mimi, ila nakuomba hilo ulishikilie hata foleni ikiwa ndefu, bora umwambie mtu wiki hii siwezi akaenda kwa mwingine kuliko kupokea kila kitu ukashindwa kulala.

Na umepatia muda. Oktoba minada ya korosho ikianza na malipo yakishaanza kuingia, Tandahimba, Newala, Nanyamba watu wanashuka mjini, harusi zinafuatana, Desemba shule zikifungwa unyago ndo usiseme, kila ukoo unataka sare yake, hujakaa vizuri Januari hiyo sketi za bluu na mashati meupe ya watoto. Miezi hiyo utanitafuta mwenyewe nije nikusaidie kutia vifungo, na ntakuja.

Ila ikifika Machi, Aprili, hela ya korosho imeshaisha mikononi mwa watu, mvua bado zipo, mtu akija anakuletea suruali ya kutia kiraka au sketi ya kupunguza kiuno. Utakaa siku nzima unaangalia barabara. Siku hizo shoga angu usije ukasema biashara imekufa, mji wote ndo unavyokuwa mpaka ufuta uanze kutoka, muulize muuza vyombo, muulize wa viatu. Kwahiyo hela ya Novemba itengee kidogo kodi ya fremu ya masika, hata kama ni kwenye kibubu, na hivyo viraka na zipu vipokee kwa moyo uleule maana aliyeridhika na zipu yake Aprili ndo huyohuyo atakayekukumbuka shughuli ikimkuta. Na hapo ndo nasema umefanya la maana kutouza ile cherehani ya kukanyaga, ovaloki inataka umeme, ukikatika we unaendelea kushona, unabakiza kupiga ovaloki tu.

Jingine ni wale wa mikopo ya kausha damu. Watakuja mpaka mlangoni, wana maneno matamu, hela unapewa leo marejesho kila wiki, na mwezi mbaya hawaujui. Nakuombea usiwahitaji. Ikitokea kweli unataka kuongeza mashine, kuna ule mkopo wa halmashauri unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, fungu la wanawake ni asilimia 4, hauna riba, unatolewa kwa vikundi, kwahiyo utahitaji wenzio, lakini si una wale wadada wa batiki mnaoelewana? Afisa maendeleo ya jamii wa kata atawaeleza utaratibu. Sisemi mkakope, nasema mjue kipo. Leseni najua ulishaishughulikia, hongera kwa hilo pia maana ndo linalowatoa watu jasho.

Sasa la kwangu mimi. Bei ya urafiki sitaki. Ntalipa anacholipa mteja, advansi mezani, kilichobaki siku ya kuchukua. Sisi marafiki ndo tunaoua biashara za wenzetu, nishonee ntakupa mwisho wa mwezi, mwisho wa mwezi unafika tunapita njia nyingine, na kodi ya fremu haijui kama mdaiwa ni shoga yako. Watakaosema Somoe kafungua duka kabadilika waache waseme, we andika kwenye daftari jina, kipimo, tarehe na kilicholipwa, kwa kila mtu, hata mama mdogo. Wateja siwezi kukuahidi watajaa, ila walimu wenzangu hapa Lindi nimewaonyesha picha za kazi zako na wawili wameomba namba, bei sijawatajia, mtaongea wenyewe.

Jumamosi nakuja na basi la asubuhi. Nakuletea mkasi mzuri wa kitambaa, tafadhali huo watoto wasikatie makaratasi, na boksi la nyuzi, nyeupe, nyeusi na bluu ya shule nimezidisha maana ndo zinazoisha haraka halafu unasimamisha kazi kwa kukimbia dukani. Sindano nimechanganya, namba 14 za vitenge na 16 za jinzi. Kitenge changu nakuja nacho, nataka gauni la kawaida la kazini, mikono mirefu, mifuko miwili. Kama kuna mtu atakuwa amefika kabla yangu mpime yeye kwanza, ntasubiri.

Msalimie sana mama, mwambie asihangaike kupika mambo makubwa, kisamvu cha nazi na samaki inatosha kabisa. Mungu akupe riziki ya halali Somoe, akulindie macho na mgongo, na akupe wateja wanaolipa. Nakupenda sana shoga angu. Nijibu kama mlango unafunguliwa saa mbili au saa tatu nijue basi gani nipande.

Hadija